Simu mbili zinaadhini mda tofauti, daku linanipita na juzuu zinabaki, nipange vipi alamu za Ramadhani?

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tupo Mwanza, tulihamia hapa mwaka jana tukitokea Dar wiki chache kabla ya mfungo. Ramadhani ile ilinivuruga sana. Simu yangu na ya mume wangu zote zina apu ya adhana lakini Alfajiri ya kwake inalia kama dakika 12 baada ya yangu, Magharibi zinalia pamoja, sasa yeye anaendelea kula mi nimeshaacha, tunabaki kubishana. Siku za mwanzo kabla hatujaweka hizo apu tulikuwa tunafuturu kwa adhana ya kwenye tivii, mpaka jirani akaniambia dada mbona mnakula jua bado, hiyo adhana ni ya Dar. Zilikuwa siku sita au saba sikumbuki vizuri na sijui kama natakiwa kuzilipa. Daku ndo usiseme, alamu nazima nikiwa usingizini nashtuka kumekucha. Na msahafu nilijiwekea alamu saa 4 usiku kila siku nisome juzuu moja, niliishia juzuu ya 11. Nafanya kazi duka la dawa, naingia saa 2 asubuhi natoka saa 11 jioni. Naomba unipangie kabla Ramadhani haijaingia.
Mama Wawili, Mwanza

Marahaba mwanangu.

Nianze na deni maana hilo lina mda wake. Hizo siku mlizofuturu kwa adhana ya tivii, zilipe. Mtu akila akidhani jua limezama alafu ikabainika lilikuwa bado, kauli ya wanazuoni wengi, na madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo wengi wetu huku tunafuata, ni kwamba siku ile inalipwa. Dhambi hamna kwasababu hamkukusudia, na kafara hamna, ni siku kwa siku tu, wewe na mumeo kila mtu za kwake. Kama hukumbuki ni sita au saba chukua saba utoke kwenye shaka. Na zilipwe sasa hivi kwenye Shaabani, usisikilize wanaosema nusu ya Shaabani ikishapita hakuna kufunga tena, katazo hilo linahusu sunna za kujianzishia tu, mwenye deni analipa mpaka siku za mwisho kabisa. Zikikubakia mpaka Ramadhani ikaingia zungumza na sheikh wa msikiti wenu, maana anayechelewesha bila udhuru anaweza kuambiwa atoe na kibaba cha chakula kwa kila siku, na kutokujua kwenu huenda ikawa udhuru, hilo yeye ndo atalipima.

Sasa kwanini adhana ya Dar haifai Mwanza wakati saa ya ukutani ni ileile moja nchi nzima? Jua linatoka mashariki kwenda magharibi, linaiaga Dar kwanza ndo linakuja kuiaga Mwanza. Ramadhani ya 2026 inaanza kama tarehe 18 au 19 Februari kutegemea mwandamo, na siku hizo Dar jua linazama kama saa 12 na dakika 46 jioni, Mwanza ni saa 1 na dakika 8 usiku. Hapo tofauti ni dakika 22, na kufika mwisho wa mwezi inakuwa kama dakika 25 au 26. Kwahiyo aliyeko Kirumba akisikia muadhini wa kwenye tivii akatia tende mdomoni, jua bado analiona pale juu ya ziwa. Mkiwa na tivii sebuleni mwezi ule izimeni sauti magharibi au wekeni kisomo, kwasababu mtoto akisikia Allahu Akbar anakimbilia maji na mkubwa mwenye njaa naye anamfuata bila kufikiri.

Tuje kwenye simu mbili. Wewe umenipa kitu kimoja ambacho kimenirahisishia kazi yote, umesema Alfajiri zinapishana lakini Magharibi zinalia pamoja. Apu ikikosea mahali, yaani inadhani uko Dar na wewe uko Mwanza, basi swala zote zinapishana, Magharibi na Alfajiri zote zinawahi kwa zaidi ya dakika 20. Lakini Magharibi ikiwa sawa na Alfajiri peke yake ikapishana (utakuta na Isha nayo inapishana) basi mahali mko sawa, mnachotofautiana ni mbinu ya hesabu. Magharibi haina ubishi, jua limezama au halijazama. Alfajiri ni mwanga mdogo sana unaotandaa upande wa mashariki wakati jua lenyewe bado liko chini mno, na taasisi mbalimbali zimekadiria tofauti liko chini kwa nyuzi ngapi mwanga ule unapoanza kuonekana. Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu inahesabu nyuzi 18, Misri nyuzi 19 na nusu, Umm al-Qura ya Saudia 18 na nusu, na ile ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini nyuzi 15. Huku kwetu karibu na Ikweta jua linapanda karibu wima, kila nyuzi moja ni kama dakika 4. Sasa piga hesabu mwenyewe, 18 toa 15 ni nyuzi 3, mara dakika 4 ni dakika 12. Simu yako ina uwezekano mkubwa iko kwenye 18 na ya mumeo iko kwenye 15, ndo maana yeye anaendelea kula.

Fungueni setingi za apu zote mbili mtafute palipoandikwa `Calculation method`, ya mumeo nina hakika karibu yote mtakuta `ISNA` au `Islamic Society of North America`, ibadilisheni iwe `Muslim World League` muone kama zinakuwa sawa. Alafu msiishie hapo. Nendeni msikiti wa jirani mchukue kalenda yao ya Ramadhani, ile karatasi inayobandikwa ukutani, mlinganishe Alfajiri ya tarehe moja. Ikiwa apu na kalenda zinapishana dakika mbili tatu hiyo ni tahadhari wameongeza au ni kuzungusha hesabu, ingieni palipoandikwa `Adjustments` au `Manual correction` muongeze au mpunguze hizo dakika apu ifuate kalenda. Ila hakikisheni juu ya ile kalenda imeandikwa Mwanza, maana zipo zinazochapishwa Dar zikasambazwa mikoani na pale chini wanaandika kwa herufi ndogo kwamba mikoa fulani ongeza dakika kadhaa, watu hawasomi. Na mpaka mtakapopata kalenda sahihi, kwenye kuacha kula fuateni simu inayowahi, hapo hamtakosea.

Kuna neno imsaki nalo utaliona kwenye hizo kalenda, huwa dakika 10 kabla ya Alfajiri. Hiyo ni tahadhari, sio mpaka wa haramu. Ruhusa ya kula ipo mpaka Alfajiri yenyewe iingie, na katika Hadithi ya Zaid bin Thabit iliyo kwenye Bukhari na Muslim aliulizwa kati ya daku lao na Mtume na swala kulikuwa na mda gani akasema kiasi cha mtu kusoma aya hamsini. Kwahiyo daku la kuchelewesha ndo sunna, kula saa 8 usiku ukalale ni kujinyima tu. Msikiti wenu ukiwa na adhana mbili vilevile ulizeni ya pili ni saa ngapi, ya kwanza ni ya kuamsha watu, ya pili ndo ya kufunga mdomo.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengi hawajakigundua, kwa ajili ya daku huhitaji hata hiyo apu. Kwa nyuzi 18, Alfajiri ya Mwanza ni kama saa 12 kasorobo mwanzo wa mfungo wa mwaka huu na ni saa 12 kasorobo mwisho wa mfungo, katikati inacheza dakika moja au mbili tu. Dar ni hivohivo, kama saa 11 na dakika 17 mwezi mzima. Kinachosogea ni Magharibi. Kwahiyo alamu ya daku iweke kwenye saa ya kawaida ya simu, ile ya `Clock`, mara moja tu na isiguswe mpaka Idi. Hii ni kwa sisi wa huku, mwenye ndugu London asimtumie ushauri huu maana kule kwa msimu huu Alfajiri inarudi nyuma karibu saa nzima ndani ya mwezi mmoja, wao lazima wafuate ratiba ya kila siku.

Na napenda saa ya kawaida kuliko apu kwa sababu nyingine. Apu ya adhana simu inaihesabu kama notifikesheni, usiku ukiweka `Do Not Disturb` inanyamazishwa, na simu nyingi za kubana chaji zinaiua kabisa apu ambayo hujaifungua kwa mda, unakuta siku tatu za mwanzo inaadhini vizuri siku ya nne kimya mpaka uifungue tena. Dalili yake ndo hiyo, ukiifungua inafufuka. Ukitaka kuiacha iendelee kwa ajili ya Magharibi na swala nyingine, ingia `Settings`, `Apps`, chagua hiyo apu, kwenye `Battery` weka `Unrestricted` na kwenye `Alarms & reminders` uipe ruhusa. Majina yanaweza kutofautiana kidogo simu kwa simu. Saa ya kawaida kwa simu nyingi inapita hata ukiwa kwenye `Do Not Disturb`, ila na yenyewe ijaribu kwanza, na simu ilale kwenye chaji kwasababu ikizima hakuna kitakacholia.

Haya tupange, tukirudi nyuma kutokea saa 12 kasorobo. Weka simu kwenye saa za 24 ili usije ukachanganya asubuhi na jioni, nimeshaona watu wengi wanaweka 5:10 ya jioni wanalala na amani yao. Alamu ya kwanza 04:45, yaani saa 11 kasorobo, iandike jina JIKO. Hii ni yako wewe mpishi peke yako, mlio mkali, na simu iwe mbali na kitanda, iweke jikoni au juu ya kabati ambapo lazima usimame uifuate. Wewe unasema unazima ukiwa usingizini, hiyo haina dawa nyingine zaidi ya kuamka kwa miguu. Ukifika jikoni weka maji ya chai, pasha chakula. Ya pili 05:10, jina KULA, hii iwe kwenye simu ya mumeo, hapo anaamka yeye na anayefunga kati ya watoto. Mna nusu saa ya kula bila kukimbizana. Ya tatu 05:35 jina MAJI, maana yake tonge za mwisho, glasi ya maji, mswaki, na ikifika 05:42 au 43 midomo imefungwa. Zote tatu hakikisha umeweka zijirudie siku zote saba za wiki, simu nyingi ukiweka alamu mpya inalia mara moja tu alafu inajizima, hapo ndo watu wengi daku la siku ya pili linawapita na wanalaumu usingizi.

Dakika 25 za jikoni zinatosha kama daku limepikwa jana yake. Wakati unapika chakula cha usiku ongeza kikombe kimoja cha mchele na maharage ya ziada uyatenge kwenye bakuli lake kabla watu hawajapakua, ukisema utabakisha hakuna kitakachobaki. Au viazi vitamu vya kuchemsha na mayai, na chai kwenye chupa. Ukitaka kuanza kupika ugali na samaki alfajiri basi JIKO iwe 04:15 na mimi sikushauri, mwili wako una kazi siku nzima na hiyo nusu saa ya usingizi utaitafuta baadaye.

Alafu kuna alamu ambayo hujaitaja na ndiyo muhimu kuliko zote hizo tatu, nayo ni ya nia. Kwa madhehebu yetu saumu ya Ramadhani nia yake inatiwa usiku, kila usiku kwa siku yake, kabla Alfajiri haijaingia. Daku ni sunna, ukilikosa saumu yako ipo. Lakini ukilala hujatia nia ukategemea utaitia kwenye daku, alafu ukashtuka jua limetoka, hapo saumu yenyewe ndo ina mashaka, utatakiwa ujizuie kula na siku hiyo uilipe. Kwahiyo weka ukumbusho 21:30, mlio wa taratibu, jina NIA. Ukiisikia unatia nia ya kesho moyoni, imeisha, inakuchukua pumzi moja. Ukishatia nia hata ukila tena baadaye usiku au kwenye daku haivunjiki. Siku ukipitiwa na daku utaamka una njaa lakini una saumu, huna haja ya kulia.

Magharibi sasa. Hii inasogea, kwa Mwanza ni kama 19:08 siku za mwanzo, 19:06 ikifika tarehe 1 Machi, 19:03 tarehe 10, na saa 1 kamili siku za mwishoni. Hizo ni hesabu za jua, kalenda ya msikiti ikikuongezea dakika moja mbili ifuate hiyo. Kwahiyo usiweke alamu ya kudumu ya kufuturu, ukiiweka 19:08 mwezi mzima mwishoni utakuwa unachelewa dakika nane na kuharakisha kufuturu jua likishazama ni sunna, na ukiiweka 19:00 mwanzoni utarudia yaleyale ya tivii. Ya kufungulia ni adhana ya msikiti wa mtaani kwenu, au apu mliyoirekebisha. Alamu za kwako ziwe za maandalizi tu, hizo hazidhuriki na dakika mbili tatu. Unatoka kazini saa 11, tuseme saa 11 na nusu uko nyumbani, basi 17:40 iwe MIHOGO, kitu kinachochukua mda kiingie jikoni, mihogo ya nazi au magimbi yanataka zaidi ya nusu saa, uji unaufanya mwishoni. Na 18:50 iwe MEZANI, tende zimeoshwa, maji yamemiminwa, watoto wameitwa. Hii ya pili ndo inayokuokoa maana bila hiyo adhana inakukuta unakoroga uji, unafungulia jikoni umesimama na mwiko mkononi, Magharibi unaiswali mwishomwisho.

Mkisafiri kwenda Dar kwa basi katikati ya mwezi mjue mnafuturu pale mlipo, sio mlipotoka. Kadri mnavyokwenda mashariki jua linazama mapema zaidi, apu iwe imeruhusiwa kuona mahali mlipo, `Location` iwe imewashwa, la sivyo itabaki inawahesabia Mwanza.

Nimebakiza msahafu. Ile alamu ya saa 4 usiku ifute. Mtu ameamka saa 11 kasorobo alfajiri, amefanya kazi, amepika, amekula akashiba, ametoka Tarawehe, alafu unamwambia sasa soma kurasa ishirini, hapana, macho yanafunga ukurasa wa tatu. Na kingine, alamu moja ya juzuu nzima ukiikosa siku moja umekosa juzuu nzima, kesho yake zinakuwa mbili, keshokutwa unakata tamaa. Igawe.

Chukua msahafu wa chapa ya Madina wenye kurasa 604, juzuu ya pili inaanzia ukurasa wa 22, ya tatu 42, ya nne 62, mwendo wa kurasa ishirini ishirini. Lakini usipange 20 kwa siku, panga 21, kwasababu mwezi unaweza kuandama siku ya 29 na aliyepanga siku 30 anabaki na juzuu ya Amma mkononi usiku wa Idi. Ukienda 21 unamaliza siku ya 29 na nafasi kidogo. Sasa angalia, Alfajiri unaswali kama saa 12, jua Mwanza linatoka kama saa 1 kasoro dakika 3 hivi, una karibu saa nzima na tayari umeamka na umeshiba na nyumba imetulia. Hapo soma 11. Msomaji wa wastani anayesoma kwa utulivu ukurasa ni kama dakika 3, hiyo ni nusu saa na ushei. Adhuhuri kwenye mapumziko ya kazini badala ya chakula una nafasi, soma 6. Baada ya Alasiri au kwenye daladala wakati unarudi, kwenye simu, soma 4. Jumla 21 na usiku huna deni. Alamu ni mbili tu, 06:10 jina KURASA 11 na 13:30 jina KURASA 6, zile nne za mwisho zifunge kwenye swala ya Alasiri yenyewe, ukitoa salamu unafungua simu. Weka namba kwenye jina la alamu, ukiandika SOMA QURANI unaizima, ukiandika KURASA 11 unajua kazi ina mwisho.

Kama msahafu wako ni wa chapa nyingine kurasa hazitalingana, basi hesabu kwa robo. Kila juzuu ina hizbu mbili, kila hizbu robo nne, kwahiyo juzuu ina robo nane na zimewekewa alama pembeni ya ukurasa. Alfajiri soma robo 4, Adhuhuri 2, Alasiri 2, hapo unapata juzuu kamili, na Ijumaa mbili za mwanzo ukiongeza robo nne nne umeshajipatia ile siku moja ya akiba ya mwezi wa 29.

Ila wewe ni mwanamke, mpango wowote usiohesabu siku zako ni mpango wa kukuvunja moyo. Tuseme unategemea siku sita. Zinabaki 23, na 604 kwa 23 ni kurasa 27 kwa siku ukizungusha. Alfajiri 13, Adhuhuri 8, Alasiri 6. Ni nyingi lakini ukianza hivo tangu siku ya kwanza hutakimbizana mwishoni. Kuhusu kusoma ndani ya siku hizo wanazuoni wametofautiana, wa Shafii wanazuia, wa Maliki wanaruhusu kwa ulimi, muulize ustadhi unayemfuata na ushike kauli yake. Kusikiliza hakuna anayekukataza, kwahiyo siku hizo usizizime zile alamu mbili, badilisha jina liwe SIKILIZA, uweke msomaji unayempenda aendelee palepale ulipoishia, ukirudi kwenye msahafu unaanzia ukurasa ulioacha kusoma na sio ulioacha kusikiliza. JIKO na KULA nazo zinaendelea maana mumeo anafunga, ila hapo mwambie yeye ndo aishike ya 04:45, ni siku sita tu na maji ya chai hayamshindi.

Kila baada ya siku saba ukishaswali Isha angalia umefika wapi. Kwa mwendo wa 21, siku ya saba unatakiwa uwe ukurasa wa 147, ya 14 uwe 294, ya 21 uwe 441. Ukikuta umebaki nyuma kurasa chini ya 20 usiziweke zote kesho, ongeza tatu tatu kwenye Alfajiri mpaka wiki ijayo, zitaisha zenyewe. Ukibaki nyuma zaidi ya hapo basi Jumamosi na Jumapili kama duka halifunguliwi mapema kaa baada ya Alfajiri mpaka jua lipande.

Na zile siku saba za deni zifanye ndo majaribio. Alfajiri ya Mwanza kwenye Shaabani ni ileile kama saa 12 kasorobo, Magharibi ni kama saa 1 na dakika 8. Weka alamu zote leo jioni, anzeni Jumatatu wewe na mumeo pamoja, simu ikae kwenye kabati la jikoni. Nia ya deni itieni usiku vilevile. Ikifika siku ya tatu utajua kama 04:45 inakutosha au uirudishe 04:35, na utajua kama apu ya mumeo inakaa hai ikiachwa bila kufunguliwa. Kalenda ya msikiti ikitoka, njoo na Alfajiri yao ya tarehe 20 Februari uniandikie, nikuhesabie wanatumia nyuzi ngapi.